Joto Limekwenda Wapi? Maswali ya Kumpima Mwanafunzi wa Fizikia

Kanuni ya uhifadhi wa nishati inasema kwamba nishati haiumbwi wala haipotei. Huhama kutoka mahali hadi mahali, au hubadilika kutoka umbo moja kwenda lingine. Karibu kila mwanafunzi wa sekondari anaweza kuitaja sentensi hiyo. Anaweza pia kuandika ubaoni kwamba joto linalohitajika kupasha kitu ni Q = mcΔT, yaani uzito wa kitu mara uwezo wake wa kubeba joto mara badiliko la halijoto. Lakini kuitaja kanuni na kuitumia ni mambo mawili. Mwanafunzi anapomaliza kutoa mada kuhusu usafirishaji wa joto, akaulizwa ni jouli ngapi zinahitajika kupasha kilo 1 ya maji kutoka nyuzi 25 hadi 100 za selsiasi, atazidisha 1 kwa 4200 kwa 75 na kupata jouli 315,000. Jibu ni sahihi, ila halionyeshi kama anajua nishati hiyo ilitoka wapi, na kama yote iliingia kwenye maji.

Swali linalopima uelewa humtaka mwanafunzi afanye mambo matatu. Kwanza aseme anachunguza kitu gani, yaani aweke mpaka: ni maji peke yake, ni maji pamoja na chombo, au ni chumba kizima? Pili aorodheshe nishati inayoingia ndani ya mpaka huo na inayotoka. Tatu aseme kilichobaki ndani kimefanya nini. Ni hesabu ileile ya duka: kilichoingia, ukitoa kilichotoka, lazima kilingane na ongezeko la kilichomo. Maswali manne yafuatayo yamejengwa juu ya hesabu hiyo, na la tano linaonyesha mahali inapoishia.

Nati ya moto ndani ya maji baridi

Jaribio linalofaa kuanzia ni rahisi. Nati ya chuma yenye uzito wa gramu 200 inafungwa uzi na kutumbukizwa kwenye maji yanayochemka hadi ifike nyuzi 100. Kisha inahamishiwa kwenye kikombe chenye gramu 200 za maji ya nyuzi 25. Maji yanakorogwa, na kipimajoto kinasomwa. Kabla ya kufanya jaribio, mtoa mada anaulizwa: halijoto ya mwisho itakuwa karibu na ngapi?

Wengi husema nyuzi 62 na nusu, kwa sababu uzito ni sawa na hiyo ndiyo wastani wa 100 na 25. Jibu hilo linachukulia kwamba kinachogawanywa sawasawa ni halijoto. Kanuni haisemi hivyo. Kinachohifadhiwa ni nishati, na kilo moja ya maji huhitaji takriban jouli 4200 ili ipande nyuzi moja, wakati kilo moja ya chuma hutosheka na jouli 450 hivi. Kwa gramu 200, maji yanahitaji jouli 840 kwa kila nyuzi, na nati jouli 90 tu. Nati ikishuka nyuzi 9, nishati iliyoitoa haitoshi kuyapandisha maji hata nyuzi moja kamili. Kwa hiyo halijoto ya mwisho lazima iwe karibu sana na ile ya maji. Hesabu inatoa nyuzi 32.3. Mwanafunzi anayeelewa anaweza kukisia "thelathini na kitu" bila kugusa kalamu, na kisio hilo linaeleza zaidi kuliko hesabu ndefu.

Swali la pili linakuja baada ya jaribio. Tuseme kipimajoto kinaonyesha nyuzi 31. Je, kanuni imevunjwa? Mwanafunzi aliyekariri hujibu kwamba kuna "makosa ya majaribio" na kuishia hapo. Anayeelewa hufungua hesabu. Nati imeshuka nyuzi 69, kwa hiyo imetoa jouli 6210. Maji yamepanda nyuzi 6, kwa hiyo yamepokea jouli 5040. Zimebaki jouli 1170 ambazo hazimo kwenye maji, na lazima ziwe mahali fulani.

Mahali pa kwanza pa kutazama ni kikombe. Kama ni cha alumini chenye gramu 100, kila nyuzi inakigharimu jouli 90, na kwa nyuzi 6 kimechukua jouli 540. Zinabaki jouli 630. Hizo ni sawa na nati kupoa nyuzi 7 kabla ya kuyagusa maji, jambo linalowezekana kabisa ikicheleweshwa hewani ikiwa imelowa, maana maji yaliyo juu yake hugeuka mvuke haraka na kuondoka na joto. Kiasi kingine kidogo kimeingia kwenye kipimajoto chenyewe, na kingine kimepotelea hewani kupitia uso wa maji. Jibu zuri linataja sehemu hizi na kukadiria kila moja ni kubwa kiasi gani. Jibu bora zaidi linapendekeza namna ya kuhakiki: kurudia jaribio kwa kikombe chepesi cha plastiki chenye kifuniko, kuhamisha nati haraka, kisha kuona kama pengo limepungua.

Swali la tatu ndilo linalotenganisha wanafunzi. Kundi jingine limepata nyuzi 33 kwa vifaa hivyohivyo. Ni matokeo ya kundi lipi yanayotia shaka zaidi, 31 au 33? Hesabu ya karatasini ilisema 32.3, kwa hiyo 33 inaonekana kuwa karibu na ukweli, na anayelinganisha namba na namba ataipongeza. Lakini tazama nishati. Nati imeshuka nyuzi 67 na kutoa jouli 6030. Maji yamepanda nyuzi 8 na kupokea jouli 6720, na kikombe kimepokea jouli 720. Waliopokea wana jouli 7440, na mtoaji alitoa 6030. Zimezuka jouli 1410 zisizo na mwenyewe.

Upungufu unaweza kuelezwa kwa upotevu, ziada haiwezi. Ziada ina maana kwamba kuna kitu kingine kilichoingia na nishati ndani ya mpaka. Hapa kinachoshukiwa ni maji ya moto yaliyong'ang'ania kwenye tundu la nati na kwenye uzi. Gramu 5 za maji ya nyuzi 100, ambazo hazizidi kijiko kimoja cha chai, zikipoa hadi nyuzi 33 hutoa takriban jouli 1410. Uhakiki wake ni mizani: kikombe na vilivyomo vikipimwa kabla na baada, uzito unapaswa kuongezeka gramu 200 za nati na uzi wake. Ukiongezeka 205, mgeni amepatikana. Mwanafunzi anayefikia hatua ya kudai kikombe kipimwe upya ameshaielewa kanuni, hata kama alikosea kuzidisha.

Vyuma viwili vilivyounganishwa

Kundi la pili la maswali linahusu mpitisho, yaani joto linalopenya ndani ya kitu kigumu bila kitu chenyewe kusogea. Fomula yake husomwa na kukaririwa: kasi ya joto ni sawa na uwezo wa kupitisha, mara eneo, mara tofauti ya halijoto, gawanya kwa urefu. Swali la kawaida hutoa kipande kimoja cha chuma na namba zote, na mwanafunzi hupachika namba mahali pake.

Swali linalopima uhifadhi huunganisha vipande viwili. Fimbo ya shaba na fimbo ya chuma, kila moja yenye urefu wa sentimeta 20 na unene uleule, zimeunganishwa kichwa kwa kichwa. Ncha ya shaba iko kwenye maji yanayochemka, nyuzi 100. Ncha ya chuma iko kwenye barafu inayoyeyuka, nyuzi 0. Pande zimefungwa vizuri kwa kitu kisichopitisha joto. Baada ya muda mrefu, halijoto ya pale zilipoungana ni ngapi?

Jibu la haraka ni 50, kwa kuwa maungio yako katikati. Badala ya kumwambia mwanafunzi kwamba amekosea, muulizaji anaweza kulikubali jibu kwa muda na kumwomba afuatilie matokeo yake. Shaba hupitisha joto vizuri takriban mara tano kuliko chuma. Uwezo wa shaba ni kama 400 na wa chuma kama 80, kwa vipimo vya kawaida vya kisayansi. Kama fimbo zina eneo la sentimeta 1 ya mraba na maungio yako kwenye nyuzi 50, shaba inaleta jouli 10 kila sekunde hadi kwenye maungio, na chuma kinaondoa jouli 2 tu. Je, zile jouli 8 za kila sekunde zinakwenda wapi?

Haziwezi kutoka pembeni, kwa sababu pande zimefungwa. Haziwezi kutoweka. Kwa hiyo zinabaki palepale, na kitu kinachobaki na nishati ya ziada hupata moto. Maungio hayatakaa kwenye nyuzi 50, yatapanda. Yakipanda, tofauti ya halijoto kwenye shaba inapungua na shaba inaleta kidogo zaidi ya kidogo, huku tofauti kwenye chuma ikiongezeka na chuma kikiondoa zaidi. Kupanda kutakoma pale tu kinachoingia kwenye maungio kitakapolingana na kinachotoka. Ili chuma kipitishe kiasi kilekile kama shaba huku uwezo wake ukiwa moja ya tano, tofauti ya halijoto kwenye chuma lazima iwe mara tano ya ile ya shaba. Nyuzi 100 zinagawanyika katika mafungu sita: moja la shaba, matano ya chuma. Maungio yanatulia karibu na nyuzi 83, na kila sekunde jouli 3.3 hivi zinapita kutoka ncha hadi ncha.

Kutokana na hali hii yanazaliwa maswali mawili zaidi. La kwanza: fimbo zikigeuzwa, chuma kikawa upande wa moto, ni nini kinabadilika na nini hakibadiliki? Maungio yanashuka hadi nyuzi 17 hivi, lakini joto linalopita kwa sekunde halibadiliki. Mwanafunzi anayedhani kwamba shaba "huvuta joto zaidi" ikiwa upande wa moto atajikwaa hapa. La pili: mtu asiyeamini hesabu hii ataihakiki vipi? Jibu liko kwenye barafu. Kuyeyusha gramu moja ya barafu huhitaji takriban jouli 334, hivyo jouli 3.3 kwa sekunde zinapaswa kuyeyusha gramu 0.6 kila dakika. Maji yanayodondoka yakikusanywa na kupimwa, kinachotoka kwenye ncha ya baridi kinajulikana. Kikiwa pungufu kuliko kinachoingia kwenye ncha ya moto, pande hazikufungwa vizuri. Kikizidi, hewa ya chumba nayo inaiyeyusha barafu.

Maneno "baada ya muda mrefu" yana uzito wake katika swali hili. Dakika za mwanzo kinachoingia ni kingi kuliko kinachotoka, kwa sababu fimbo zenyewe zinapata moto na kuweka sehemu ya nishati. Mwanafunzi akiulizwa kwa nini barafu haiyeyuki kwa kasi yake kamili tangu sekunde ya kwanza, anapaswa kutaja akiba hiyo. Akisema kwamba "joto halijafika," amesema nusu ya jibu. Nusu nyingine ni kueleza limeishia wapi njiani.

Kipimajoto kilichogoma kupanda

Birika la umeme la wati 2000 limewekwa kilo 1 ya maji. Wati 2000 maana yake ni jouli 2000 kila sekunde. Maji yanapanda hadi nyuzi 100 na kuanza kuchemka. Kifuniko kimeachwa wazi ili birika lisijizime, na umeme unaendelea kuingia kwa dakika 5 zaidi. Kipimajoto hakisogei. Swali: jouli 600,000 zilizoingia ndani ya dakika hizo zimefanya nini?

Hapa fomula ya Q = mcΔT inamwangusha aliyeikariri. Badiliko la halijoto ni sifuri, kwa hiyo fomula inasema joto ni sifuri, na mita ya umeme inasema vingine. Anayeshika kanuni anajua kwamba mita haiongopi, hivyo lazima kuwe na namna nyingine ya kutumia nishati isiyoonekana kwenye kipimajoto. Namna hiyo ni kuyageuza maji kuwa mvuke. Chembe za maji zinashikana, na kuziachanisha kunagharimu takriban jouli 2,260,000 kwa kila kilo. Mskoti Joseph Black alilichunguza jambo hili katika Chuo Kikuu cha Glasgow miaka ya 1760, na joto la aina hii likapata jina la joto fichi kwa kuwa kipimajoto hakilioni.

Jouli 600,000 zinatosha kugeuza gramu 265 za maji kuwa mvuke. Birika likipimwa kwenye mizani na kukutwa limepungua gramu 240 tu, hesabu inaendelea. Gramu 240 zimetumia jouli 542,400. Zilizobaki, jouli 57,600, zimegawanyika katika sekunde 300, ambayo ni wati 192. Hizo zimetoka kupitia kuta za birika kwenda hewani: sehemu kwa myuko, ambapo hewa iliyopata moto hupanda na ya baridi huchukua nafasi yake, na sehemu kwa mnururisho unaotoka kwenye uso wa birika bila kuhitaji hewa. Mizani ya jikoni na saa vimetosha kupima upotevu ambao kipimajoto kisingeweza kuuonyesha.

Swali la kufuatia ni la jikoni pia. Maharage yanachemka kwenye sufuria ya wazi, na mpishi anaongeza mkaa ili yaive haraka. Je, atafanikiwa? Maji yanayochemka hayapandi tena halijoto, na kinachoivisha maharage ni halijoto. Nishati ya ziada itaongeza mvuke tu, na mpishi atalazimika kuongeza maji, ambayo nayo yatadai joto jipya. Mwanafunzi akiongeza kwamba Nairobi maji huchemka karibu na nyuzi 94 au 95 kwa sababu ya mwinuko, na kwamba kwa hiyo maharage huchelewa zaidi kule kuliko Mombasa hata moto ukiwa mkali kiasi gani, ameonyesha kwamba anatofautisha wingi wa nishati na kiwango cha halijoto.

Friji iliyoachwa wazi

Swali la nne linafahamika katika madarasa mengi ya fizikia, lakini thamani yake hupotea muulizaji anapoishia kwenye "ndiyo" au "hapana." Chumba kimefungwa milango na madirisha. Ndani yake kuna friji inayofanya kazi, na mlango wa friji umeachwa wazi. Je, chumba kitapoa?

Namba husaidia kuona. Tuseme mashine ya friji inatumia umeme wa wati 120, na kwa umeme huo inaondoa jouli 250 kila sekunde kutoka ndani ya kabati. Je, zile bomba za nyuma zinatoa ngapi? Wengi husema 250, kwa sababu kilichotolewa ndani ndicho kinachotupwa nje. Wamezisahau wati 120 za umeme. Umeme umeingia kwenye mashine na haukutoka kama umeme. Umeishia kuwa joto pamoja na lile lililoondolewa, na bomba zinatoa jouli 370 kila sekunde. Mlango ukiwa wazi, hewa ya chumba inanyang'anywa 250 mbele na kurudishiwa 370 nyuma. Chumba kinapata moto kwa wati 120, sawasawa na kile mita ya umeme inachosoma.

Njia fupi zaidi ni kuweka mpaka kwenye kuta za chumba badala ya kwenye friji. Kinachovuka mpaka huo ni waya wa umeme peke yake, na umeme unaingia tu. Hakuna haja ya kujua friji inafanyaje kazi. Mwanafunzi anayeweza kuhamisha mpaka namna hii ili kurahisisha swali ameshika silaha kuu ya kanuni hii. Anaweza kujaribiwa kwa swali moja zaidi: mlango wa friji ukifungwa, je, chumba kinaacha kupata moto? Hakiachi, maana waya bado unaingiza umeme kila mashine inapowaka.

Swali hili pia linafichua imani ya zamani ambayo bado imo vichwani, kwamba joto ni kitu kinachohifadhiwa chenyewe. Katika karne ya 18 wanasayansi wengi waliamini hivyo. Walidhani joto ni aina ya maji mepesi yasiyoonekana, yanayohama bila kuongezeka wala kupungua. Benjamin Thompson, aliyejulikana kama Count Rumford, alikuwa akisimamia utobozi wa mizinga mjini Munich, na mwaka 1798 alieleza kwamba chuma kilichokuwa kikikerezwa kilitoa joto bila kikomo maadamu farasi waliendelea kuzungusha mtambo. Kitu kisichokwisha hakiwezi kuwa kimiminika kilichohifadhiwa ndani ya chuma. Miaka ya 1840 James Joule alipima kazi na joto na kuonyesha kwamba kiasi fulani cha kazi huzaa daima kiasi kilekile cha joto. Joto si lazima litoke kwenye joto. Linaweza kuzaliwa na msuguano au na umeme. Kinachobaki bila kubadilika ni jumla ya nishati yote. Mwanafunzi anayeandika "joto lililotolewa ni sawa na joto lililopokelewa" kwa friji ameichukua sheria ya nati na maji na kuipeleka mahali isipofanya kazi.

Mahali kanuni inapoishia

Swali la mwisho linapima kama mtoa mada anajua mipaka ya kanuni aliyoielewa. Turudi kwenye maji na nati ya gramu 200 kila moja. Baada ya vyote viwili kutulia kwenye halijoto moja, je, inawezekana maji yapoe nyuzi moja yenyewe na nati ipate moto kwa nyuzi 9.3? Maji yatakuwa yametoa jouli 840, na nati itakuwa imepokea takriban jouli 840. Hesabu imefunga bila hata jouli moja kupotea. Hata hivyo haitokei kamwe.

Mwanafunzi anayedhani kwamba uhifadhi wa nishati unaeleza kila kitu atahangaika kutafuta kosa kwenye hesabu, na hatalipata. Jibu sahihi ni kwamba kanuni hii inasema nishati ni kiasi gani, lakini haisemi itaelekea upande gani. Kwamba joto lenyewe huenda kutoka kwenye moto kuelekea kwenye baridi ni kanuni nyingine, ile ya pili ya thamodinamiki. Wala uhifadhi hausemi mambo yatachukua muda gani. Kwa hilo zinahitajika fomula za mpitisho, myuko na mnururisho. Kwa hiyo fomula hazitupwi. Kila moja hueleza sehemu yake, na uhifadhi huzikagua zote.

Kupanga na kusahihisha

Katika dakika kumi za maswali baada ya wasilisho, maswali mawili yenye hatua yanatosha. Yafaa kuanza na la kukisia kabla ya kukokotoa, kisha kumpa mtoa mada kipimo kisicholingana na kisio lake na kumwachia nafasi ya kutafuta nishati iliyopungua au iliyozidi. Namba ziwe ndogo, au ziandikwe ubaoni, ili kuzidisha kusimwibie muda wa kufikiri.

Alama zigawanywe kwa hatua tatu zilizotajwa mwanzoni: kuweka mpaka, kuorodhesha vinavyoingia na kutoka, na kueleza kilichobaki. Jawabu lenye namba sahihi lisilotaja mpaka lisipate alama zote. Lenye kosa la kuzidisha lakini lililoifuatilia kila jouli hadi mahali pake lipate alama nyingi. Yapo pia maneno ambayo msahihishaji anapaswa kuyadai maelezo kila yanapojitokeza. "Joto limepotea" lifuatwe na swali la kwamba limepotelea wapi, na kwa njia ipi. "Makosa ya majaribio" lifuatwe na swali la kwamba makosa hayo yangeshusha au yangepandisha kipimo. Na "halijoto imehamia kwenye maji" lirudishwe kwa mwanafunzi alisahihishe mwenyewe, maana jaribio la nati limeshaonyesha kwamba kinachohama ni nishati, na halijoto ni alama tu ya namna nishati hiyo ilivyopokelewa na kila kitu.